Tekscha zimepauka au zimekuwa giza: kulitafuta kosa la gama kwa kijivu cha 128

*Habari za kazi. Naandika injini yangu ndogo ya 3D kwa C++ na OpenGL 3.3, picha nazipakia kwa stb_image. Mwanzoni ukuta wangu wa matofali ulionekana kawaida. Nikasoma kwamba lazima mwisho wa sheda niweke pow ya 1/2.2, nilipoweka, kila kitu kikapauka kama kimefunikwa na ukungu. Mwenzangu akaniambia nifute pow, nitumie GL_SRGB8_ALPHA8 na GL_FRAMEBUFFER_SRGB. Sasa kwenye kompyuta ya mezani rangi ziko sawa lakini mwanga unaupiga ukuta upandeupande, na kwenye laptopu picha nzima ni giza. Nakosea wapi?*

Nzuri, ndugu. Hapo kuna makosa matatu tofauti, na kwa kuwa yalikujia kwa mfululizo yanaonekana kama kosa moja linalobadilika sura. Ukungu ulitokana na rangi kusimbwa mara mbili. Giza la laptopu linatokana na rangi kusimbuliwa bila kusimbwa tena. Mwanga wa upandeupande hauhusu rangi hata kidogo: ramani yako ya nomali inasomwa kana kwamba ni picha ya rangi.

Tuanze na namba zilizomo ndani ya faili, maana ndizo zinazoeleza mengine yote. Picha ya JPG au PNG ya kawaida haihifadhi kiasi cha mwanga moja kwa moja. Inahifadhi namba zilizopindwa kwa mkunjo wa sRGB, kiwango kilichochapishwa mwaka 1999 kwa jina IEC 61966-2-1. Mkunjo huo huzipa rangi za giza namba nyingi zaidi, kwa sababu jicho hutambua tofauti ndogo gizani kuliko kwenye mwangaza. Kwa hiyo kijivu chenye namba 128 si nusu ya mwanga wa nyeupe. Ni kama asilimia 21.6 tu. Nusu halisi ya mwanga huandikwa 188.

Kubadili mwanga halisi kuwa namba ya sRGB nitakuita kusimba. Kurudi kutoka namba hadi mwanga halisi nitakuita kusimbua. Hesabu za mwanga, yaani kuzidisha, kujumlisha taa mbili, kuchanganya kwa alfa, zinatoka sahihi kwenye mwanga halisi tu. Monita nayo inasubiri namba zilizosimbwa. Kwa hiyo kila rangi inatakiwa isimbuliwe mara moja inapoingia na isimbwe mara moja inapotoka.

Sasa acha kukisia kwa macho, tumia kipimo. Tengeneza PNG ya 64×64 iliyojaa kijivu kimoja cha 128, 128, 128. Ichore kwenye mstatili kwa njia ileile inayopita tekscha ya ukuta, ila uzime taa zote na kila marekebisho ya mwangaza. Sheda isome tekscha na kuitoa kama ilivyo. Piga skrinishoti, ifungue kwenye GIMP, kisha usome namba ya pikseli kwa zana ya kuchukulia rangi. Namba utakayopata ndiyo itakayokuambia kosa liko wapi.

Ukipata 188, kuna kusimba kulikozidi mara moja. Ukipata 223, kumezidi mara mbili. Ukipata 55, kuna kusimbua kulikozidi mara moja, au kusimba kulikosahaulika, na kwa hesabu hayo ni kitu kimoja. Ukipata 10, yamezidi mawili upande wa giza. Tena kipimo hiki kinaweza hata kukutajia mhalifu: `pow` ya 2.2 ni makadirio tu ya mkunjo wa sRGB, kwa hiyo hutoa 186 badala ya 188, na 56 badala ya 55. Ukiona 186 ujue kuna `pow` imebaki mahali kwenye sheda. Ukiona 188, kadi ya picha ndiyo iliyosimba, au sheda yenye fomula kamili.

Ukipata 128 usishangilie bado. Namba hiyo hutoka pia pale ambapo hakuna kilichosimbuliwa wala kusimbwa, na hivyo ndivyo injini yako ilivyokuwa mwanzoni ukuta "ulipoonekana kawaida". Picha isiyo na taa haiwezi kutofautisha hali hizo mbili. Ongeza kipimo cha pili: chora uso mweupe kabisa, 255, uliozidishwa na 0.5 ndani ya sheda. Njia sahihi itatoa 188. Njia isiyobadili chochote itatoa 128. Vipimo vyote viwili vikipita, yaani 128 kwa kijivu na 188 kwa nusu ya mweupe, njia ya rangi iko sawa.

Turudi kwenye ukungu wako. Ulikuwa unapakia kwa `stbi_load` na kuipa OpenGL muundo wa `GL_RGBA`. Kwa muundo huo kadi haisimbui chochote, kwa hiyo 128 ilifika kwenye sheda kama 0.502 ilhali mwanga wake halisi ni 0.216. Kisha `pow` ya mwisho ikaisimba namba ambayo ilikuwa imeshasimbwa tangu kwenye faili. Kijivu cha kati kikapanda hadi 186, vivuli vikainuka, nyeupe ikabaki palepale. Hiyo ndiyo sura ya ukungu. Ushauri wa kuweka `pow` mwishoni haukuwa na kosa. Ulikuwa nusu ya kazi.

Nusu ya kwanza ndiyo aliyokupa mwenzako:

```cpp
// picha za rangi tu
glTexImage2D(GL_TEXTURE_2D, 0, GL_SRGB8_ALPHA8,
             w, h, 0, GL_RGBA, GL_UNSIGNED_BYTE, data);
```

Angalia kwamba kinachobadilika ni muundo wa ndani peke yake, kigezo cha tatu. `GL_RGBA` ya baadaye inaeleza mpangilio wa data uliyonayo kwenye kumbukumbu, nayo haiguswi. Kuanzia hapo kadi husimbua kila pikseli kabla ya kuifikisha kwenye sheda, na chaneli ya alfa huiacha kama ilivyo, kwa kuwa alfa si mwanga.

Wapo wanaoacha muundo wa kawaida na kuandika `pow(rangi, vec3(2.2))` ndani ya sheda. Inafanya kazi nusunusu. Tatizo lake ni kwamba kadi huwa imeshachanganya pikseli jirani kwa `GL_LINEAR` kabla `pow` yako haijaiona rangi, kwa hiyo mchanganyiko umefanyika kwenye namba zilizopindwa. Katikati ya pikseli nyeusi na nyeupe inatakiwa kutoka 188. Kwa njia hiyo hutoka karibu na 128. Kwenye ukuta wa matofali yenye mistari ya saruji nyeupe utaona mistari ikizidi kuwa myeusi kadiri ukuta unavyokwenda mbali. Tumia muundo wa sRGB, kadi ndiyo inayoijua kazi hiyo.

Kuna mtego mmoja wa stb_image unaofaa kutajwa hapa. Ukipakia JPG au PNG kwa `stbi_loadf`, maktaba yenyewe husimbua kwa 2.2 kimyakimya kabla ya kukupa namba za desimali. Ukiongeza tena kusimbua kwako ndani ya sheda, giza juu ya giza. Kinyume chake pia kipo: faili ya `.hdr` ukiipakia kwa `stbi_load` husimbwa ili itoshe kwenye biti nane, na sehemu zake za mwangaza mkali hukatwa. Kanuni rahisi ni `stbi_load` kwa PNG na JPG, `stbi_loadf` kwa HDR pekee.

Sasa laptopu. `glEnable(GL_FRAMEBUFFER_SRGB)` haiiamuru kadi isimbe kila kitu. Inaamuru isimbe pale tu ambapo bafa inayoandikiwa imetangazwa kuwa ya sRGB. Dirisha la kompyuta yako ya mezani lilipata bafa ya namna hiyo, pengine bila wewe kuiomba. La laptopu halikupata. Amri ikapuuzwa bila kosa lolote kuripotiwa, mwanga halisi ukapelekwa moja kwa moja kwenye monita, na 128 ikawa 55. Ukiwa na GLFW, bafa hiyo huombwa kabla ya kuunda dirisha:

```cpp
glfwWindowHint(GLFW_SRGB_CAPABLE, GLFW_TRUE);
```

Kwenye SDL jina lake ni `SDL_GL_FRAMEBUFFER_SRGB_CAPABLE`. Unaweza pia kuiuliza OpenGL kama bafa ni ya sRGB kwa `GL_FRAMEBUFFER_ATTACHMENT_COLOR_ENCODING`, lakini baadhi ya draiva hujibu visivyo kuhusu bafa ya dirisha. Pikseli ya kijivu kwenye skrinishoti haidanganyi, iamini hiyo kwanza.

Hata hivyo, kwa injini inayotakiwa kukimbia kwenye mashine tofauti, singetegemea bafa ya dirisha kabisa. Chora mandhari nzima kwenye bafa yako mwenyewe yenye tekscha ya `GL_RGBA16F`, ukiwa umezima `GL_FRAMEBUFFER_SRGB`. Kisha, katika hatua ya mwisho, chora pembetatu moja inayofunika skrini, isome tekscha hiyo, na usimbe kwa mkono:

```glsl
vec3 simba(vec3 c) {
    c = clamp(c, 0.0, 1.0);
    vec3 chini = c * 12.92;
    vec3 juu = 1.055 * pow(c, vec3(1.0/2.4)) - 0.055;
    return mix(juu, chini, lessThanEqual(c, vec3(0.0031308)));
}
```

Kwa njia hii kusimba kunafanyika mahali pamoja unapopaona, na kompyuta ya mezani na laptopu zitatoa namba ileile. Ile `clamp` si pambo: `pow` ya namba hasi haina jibu linaloaminika kwenye GLSL, na baadhi ya kadi hukupa vidoti vyeusi vinavyometameta kwenye kingo za vitu.

Usijaribu kubana matumizi kwa kuifanya bafa hiyo ya kati iwe `GL_RGBA8`. Mwanga halisi ukiuweka kwenye biti nane, hatua za chini huwa chache mno. Baada ya kusimbwa, ngazi nne za kwanza kabisa zinatokea kwenye monita kama 0, 13, 22 na 28. Hakuna kitu katikati yake. Kona ya chumba yenye giza itakuwa na michirizi kama ramani ya vilima, na watu wengi hudhani ni ubovu wa tekscha. Ikiwa kumbukumbu ni ndogo, bafa ya kati ya `GL_SRGB8_ALPHA8` pamoja na `GL_FRAMEBUFFER_SRGB` inafaa kuliko `GL_RGBA8`, ila utapoteza mwangaza wote uliozidi 1.0.

Hatua hiyohiyo ya mwisho ndiyo mahali pa kubana mwangaza uliozidi, na mpangilio wake haugeuzwi: bana kwanza, ungali kwenye mwanga halisi, kisha simba. Chunguza fomula ya kubana unayoinakili. Ile ya Hejl na Burgess-Dawson inayozunguka sana kwenye mifano ya sheda, ambayo utaitambua kwa namba 6.2, 1.7 na 0.06, imeshabeba kusimba ndani yake. Ukiiongezea `simba()` juu, ukungu unarudi.

Limebaki la mwanga wa upandeupande. Nina hakika una kitendakazi kimoja cha kupakia tekscha, na ulipobadili muundo kuwa sRGB ulizibadili zote. Ramani ya nomali si rangi. Kila pikseli yake ni mshale uliofichwa kwenye namba tatu, na sehemu bapa ya ukuta huandikwa 128, 128, 255, yaani mshale unaotazama mbele moja kwa moja. Fuatilia kinachotokea kadi ikiisimbua: 128 inakuwa 0.216 badala ya 0.502. Sheda yako inazidisha kwa 2 na kutoa 1, kama inavyotakiwa, lakini sasa inapata −0.57 mahali ilipotakiwa kupata karibu sifuri. Mshale unakuwa (−0.57, −0.57, 1), na baada ya `normalize` umeinama kama digrii 39 kutoka mahali pake. Ukuta wako wote, hata penye ubapa, unaiambia taa kwamba umegeukia pembeni. Ndiyo maana upande mmoja unawaka na mwingine unafifia ingawa taa iko katikati.

Dawa ni kumfanya anayeita kitendakazi aseme anapakia nini:

```cpp
GLenum muundo = niRangi ? GL_SRGB8_ALPHA8 : GL_RGBA8;
```

Ndiyo iende kwa rangi ya msingi na kwa picha ya sehemu zinazojiwakia zenyewe. Hapana iende kwa nomali, ukwaruzo, umetali, vivuli vya mianya na kimo. glTF imeweka mgawanyo huohuo kwenye kanuni zake, kwa hiyo modeli za muundo huo hazina haja ya kubahatisha. Kosa la ukwaruzo ni gumu kuliona kuliko la nomali kwa sababu halipindi kitu, linang'arisha tu: ukwaruzo wa 128 ukisimbuliwa unashuka kutoka 0.5 hadi 0.216, na tofali kavu linaanza kung'aa kama limemwagiwa maji. Mtu huishia kurekebisha taa wiki nzima. Ikiwa umeshazibana tekscha zako kwa BC7, chaguo ni lilelile kwa majina mengine: `GL_COMPRESSED_SRGB_ALPHA_BPTC_UNORM` kwa rangi, `GL_COMPRESSED_RGBA_BPTC_UNORM` kwa data.

Ukishayafanya yote hayo na vipimo vya 128 na 188 vikapita, jiandae kwa jambo litakalokuudhi: mandhari yenye taa huenda bado ikaonekana imepauka. Safari hii njia ya rangi haina kosa. Taa zako ndizo zilizopangwa kwa macho wakati hesabu zilikuwa mbovu. Chukua mwanga wa mazingira. Kama uliuweka 0.1, zamani uso mweupe uliokuwa kivulini ulitoka 26 kwenye monita, giza zuri. Sasa 0.1 ni asilimia kumi ya mwanga halisi, na ikisimbwa inatoka 89. Kivuli kimekufa. Ukitaka sura ya zamani, simbua thamani yenyewe: 0.1 inakuwa karibu 0.01. Usirudi kuchokoza `pow` kwa ajili ya hili, punguza taa.

Vivyo hivyo kwa jinsi taa inavyofifia kwa umbali. Kwenye hesabu za zamani watu wengi waligawanya kwa umbali badala ya umbali kipeo cha pili, kwa sababu kipeo cha pili kilionekana kukata mwanga ghafla mno. Kilichokuwa kikiukata ni monita, iliyokuwa ikizipinda namba ambazo hazikusimbwa. Rudisha kipeo cha pili sasa na upandishe nguvu ya taa mpaka ikae.

Rangi ulizoziandika kwa mkono nazo zinahitaji kusimbuliwa, na hizi husahaulika kuliko zote. Mbunifu akikupa `#808080`, ama ukamwandikia `glClearColor` anga ya 0.5, namba hizo ni za sRGB; zikiingia kwenye bafa ya mwanga halisi bila kusimbuliwa zitatoka zimepauka, huku tekscha zilizo jirani yake zikiwa sawa. Zisimbue upande wa C++ mara moja unapozisoma:

```cpp
float simbua(float s) {
    return s <= 0.04045f ? s / 12.92f
                         : powf((s + 0.055f) / 1.055f, 2.4f);
}
```

Menyu na maandishi ya skrini, kwa mfano yale ya Dear ImGui, yachore baada ya hatua ya mwisho, moja kwa moja kwenye dirisha, `GL_FRAMEBUFFER_SRGB` ikiwa imezimwa. Rangi zake zimeshasimbwa na yenyewe haijui habari za mwanga halisi. Ukiona mandhari iko sawa lakini vitufe vimepauka, anza kutafuta hapo: kuna `glEnable` iliyoachwa wazi kabla ya kuchora menyu.

Kwa kazi ya leo ningefuata mpangilio huu: kwanza tenganisha nomali na rangi kwenye kitendakazi cha kupakia, maana ni mstari mmoja, kisha ingiza bafa ya `GL_RGBA16F` na hatua ya mwisho, kisha piga skrinishoti ya kijivu kwenye mashine zote mbili. Taa ziache mpaka namba za mashine hizo mbili zilingane.